Olivini, feldispa na ganeti: jinsi ya kupima mchanganyiko wa jiwe badala ya kuukisia kwa rangi

Fungua jedwali lolote la madini utafute kwatzi: densiti yake ni namba moja, 2.65. Sasa tafuta olivini, utaona imeandikwa 3.2 hadi 4.4. Ganeti imeandikwa 3.6 hadi 4.3. Hapo ndipo wasomaji wengi wanapokwama. Wanapima jiwe lao, wanapata namba iliyo katikati, hawajui waifanyie nini, kisha wanarudi kwenye picha za rangi na kuchagua jina linalofanana na walichonacho mkononi. Jina hilo mara nyingi si sahihi.

Namba iliyo katikati si kosa la mizani, bali ndiyo taarifa yenyewe. Inakuambia jiwe lako limesimama wapi kati ya ncha mbili za mchanganyiko, na mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuisoma.

## Vifaa

- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ile ndogo ya sonara.
- Kikombe chepesi cha plastiki na maji yaliyochemshwa yakapoa.
- Uzi mwembamba wa nailoni na kijiti cha kuufungia.
- Tone la sabuni ya maji, na mswaki laini.
- Kipimajoto cha maji.
- Lensi ya mkono inayokuza mara kumi.
- Sumaku ndogo yenye nguvu, ya neodimiamu.
- Rifraktomita ya vito, inayopima jinsi nuru inavyopinda ndani ya jiwe, kwa ganeti tu. Kama huna, hatua ya 6 itakufikisha nusu ya njia.
- Kikokotoo.

## Hatua ya 1: Ijue nafasi inayogombewa

Kabla ya kupima chochote, jua ni kitu gani kinachobadilika ndani ya madini yako. Ukiruka hatua hii, hesabu zote zinazofuata zitakuwa namba zisizo na maana.

Fuwele ni mpangilio wa atomi unaojirudia, na ndani yake kuna nafasi zenye ukubwa maalumu. Katika olivini, kila ioni ya chuma au magnesiamu inakaa katika nafasi iliyozungukwa na oksijeni sita. Nusukipenyo cha ioni ya magnesiamu humo ni pikomita 72 na cha chuma ni 78. Tofauti ni asilimia 8 hivi, na zote mbili zina chaji ya +2. Fuwele inapokua kutoka kwenye magma inapokea yoyote iliyopo, na muundo haubomoki. Huo ndio myeyusho mango: madini ya muundo mmoja ambayo atomi zake zinapishana kwa kiwango chochote kati ya ncha mbili.

Kwa olivini, ncha hizo ni forsteriti, Mg2SiO4, na fayaliti, Fe2SiO4. Tunaandika Fo90 tukimaanisha kwamba kati ya kila nafasi 100, magnesiamu imechukua 90 na chuma 10.

Kanuni ya kukumbuka ni kwamba ioni mbili hupishana kwa urahisi zikitofautiana ukubwa kwa chini ya asilimia 15 hivi. Kalsiamu, yenye pikomita 100 katika nafasi kama hiyo, ni kubwa mno kwa magnesiamu. Ndiyo maana olivini ya kawaida ina kalsiamu kidogo sana, hata ikikua ndani ya magma iliyojaa kalsiamu.

Utajua umeelewa ukiweza kujibu swali moja: katika jiwe langu, nani anachukua nafasi ya nani?

## Hatua ya 2: Chagua kipande na ukisafishe

Chagua fuwele moja au kipande cha fuwele moja. Kipande cha mwamba chenye punje nyingi za aina tofauti kitakupa densiti ya mwamba, na kutoka hapo huwezi kurudi kwenye madini.

Ukubwa una uzito kuliko uzuri. Kipande cha gramu 6 chenye kingo zilizovunjika kitakupa jibu bora kuliko kito safi cha gramu 1, kwa sababu kosa la mizani halibadiliki: ni ile 0.01, jiwe liwe kubwa au dogo.

Piga mswaki, kisha likague kwa lensi. Katika olivini tafuta mishipa ya kijani kibichi isiyong'aa au wekundu wa kutu kwenye nyufa. Ile ya kijani ni serpentini, nayo ni nyepesi, densiti yake iko karibu na 2.55. Chukua olivini yenye densiti halisi ya 3.33 ambayo sehemu moja ya kumi ya ujazo wake imegeuka serpentini: mizani itakuambia 3.25, nawe utaandika Fo97 wakati jiwe ni Fo90. Hakuna hesabu itakayokuokoa hapo. Chagua kipande kingine.

Kinyume chake pia hutokea. Punje nyeusi za kromaiti ndani ya olivini ni nzito, nazo hupandisha densiti na kufanya jiwe lionekane na chuma kingi kuliko lilicho nacho.

## Hatua ya 3: Pima densiti

Njia hii haihitaji mizani ya kuning'iniza.

1. Pima jiwe likiwa kavu. Andika namba, iite A.
2. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani. Tia tone la sabuni, koroga polepole. Sabuni inazuia vipovu kung'ang'ania jiwe.
3. Bonyeza kitufe cha kurudisha mizani kwenye sifuri.
4. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe lote, ukishika kijiti juu. Lisiguse chini wala ukuta wa kikombe.
5. Soma namba. Iite B. Huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe.
6. Pima joto la maji.

Kisha:

```
densiti = A / B x densiti ya maji
```

Densiti ya maji ni 0.998 kwa nyuzi 20 za Selsiasi, 0.997 kwa 25, na 0.996 kwa 30. Wengi huiacha sehemu hii kwa kuiona ndogo. Kwa olivini ni ndogo kweli, lakini kwa feldispa inaweza kukupotosha, kama utakavyoona.

Onyo: jiwe likigusa chini ya kikombe, B itaruka na kukaribia A. Ukipata densiti iliyo karibu na 1, jiwe limegusa. Vipovu navyo huongeza B na kushusha densiti. Litoe, lilowe vizuri, lizamishe tena.

Utajua umefaulu ukirudia mara tatu na B isitofautiane kwa zaidi ya 0.01. Ikiendelea kushuka kidogo kidogo kila ukisoma, ama vipovu vinalitoka jiwe, ama maji yanapenya kwenye nyufa au yanakauka. Subiri ikae.

## Hatua ya 4: Olivini, mstari ulio rahisi

Olivini ina ncha mbili tu zenye uzito, kwa hiyo namba moja inatosha. Forsteriti safi ina densiti 3.22 na fayaliti safi 4.39. Kati yao densiti hupanda karibu kwa mstari ulionyooka, kwa sababu atomi ya chuma ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya magnesiamu huku ukubwa wa fuwele ukibadilika kidogo tu.

```
sehemu ya fayaliti = (densiti - 3.22) / 1.17
```

Tuchukue kipande cha kijani chenye A = 6.71 na B = 2.01, maji yakiwa nyuzi 20. Densiti ni 6.71 / 2.01 x 0.998, yaani 3.33. Ukitoa 3.22 unabaki na 0.11. Gawanya kwa 1.17, unapata takriban 0.10. Fayaliti ni asilimia 10, jiwe ni Fo90.

Sasa uliza: jibu hili linaaminika kiasi gani? B ingeweza kuwa 2.00 au 2.02. Hiyo ni nusu ya asilimia moja, nayo inasogeza densiti kwa 0.017 na jibu kwa asilimia moja na nusu hivi. Kwa hiyo tunasema Fo90, tukiruhusu 2 juu na 2 chini. Kama jiwe lingekuwa la gramu 2 tu, kosa lilelile la mizani lingesogeza jibu kwa karibu asilimia 5.

Fo90 ndiyo namba utakayokutana nayo mara nyingi kwenye peridoti, yaani olivini ya kito, kwa kuwa olivini ya vazi la dunia iko karibu na hapo. Ukipata Fo70 au Fo60, huenda fuwele ilikua kwenye magma iliyokwisha kupoteza magnesiamu. Sababu ni joto: forsteriti safi huyeyuka kwa nyuzi 1890 na fayaliti kwa 1205, kwa hiyo magma inapopoa, fuwele za kwanza huchukua magnesiamu nyingi na kuacha chuma kwa zile zinazofuata. Punje mbili za olivini kutoka mwamba mmoja zinaweza kutofautiana kwa sababu hii, na hata punje moja inaweza kuwa na kiini chenye magnesiamu nyingi kuliko ukingo wake. Mizani yako haioni ukanda huo, inatoa wastani.

Alama ya hatari: ukipata densiti chini ya 3.22, usiandike zaidi ya Fo100. Jiwe limeoza ndani, lina nyufa zenye hewa, au si olivini.

## Hatua ya 5: Feldispa, mstari mfupi wenye mitego

Plajioklezi, kundi la feldispa lenye sodiamu na kalsiamu, inabadilika kwa namna tofauti. Sodiamu na kalsiamu zinakaribiana ukubwa, pikomita 118 na 112, lakini chaji zao hazilingani: +1 na +2. Kalsiamu ikiingia mahali pa sodiamu, fuwele inabaki na chaji moja ya ziada. Ili kuisawazisha, papo hapo alumini yenye +3 inachukua nafasi ya silikoni moja yenye +4. Mabadiliko mawili yanakwenda pamoja, hakuna moja linaloweza kutokea peke yake. Ndiyo maana fomula ya albiti ni NaAlSi3O8 na ya anothiti ni CaAl2Si2O8: tazama alumini ikiongezeka na silikoni ikipungua.

Matokeo yake kwa anayepima ni kwamba uzito haubadiliki sana. Albiti ni 2.62 na anothiti 2.76. Mfululizo mzima umebanwa ndani ya 0.14.

```
sehemu ya anothiti = (densiti - 2.62) / 0.14
```

Chukua kipande cha kijivu chenye A = 9.86 na B = 3.64, maji yakiwa nyuzi 30. Ukisahau joto, utapata 2.709, yaani anothiti asilimia 63. Ukizidisha kwa 0.9957, ambayo ndiyo densiti ya maji hayo kwa desimali nne, utapata 2.697, yaani asilimia 55. Asilimia 8 zimepotea kwa sababu ya kipimajoto kilichobaki kabatini. Na bado kosa la mizani linabaki, karibu asilimia 5 kila upande, ingawa jiwe lina karibu gramu 10. Kipande cha gramu 2 kingekupa kosa la asilimia 25, yaani kisingekuambia chochote zaidi ya kwamba ni feldispa. Kwa hiyo kwa feldispa sishauri chini ya gramu 8.

Majina yamegawanywa kwa asilimia ya anothiti: albiti hadi 10, oligoklezi 10 hadi 30, andesini 30 hadi 50, labradoriti 50 hadi 70, bitauniti 70 hadi 90, kisha anothiti. Jiwe letu la asilimia 55 ni labradoriti, ingawa kwa kosa la asilimia 5 limegusa mpaka wa andesini. Mipaka hii ni ya watu, fuwele haina ngazi hapo. Andika asilimia kwanza, jina baadaye.

Mitego ni mitatu. Wa kwanza ni kwatzi, ambayo 2.65 yake inaangukia ndani ya mfululizo huu. Ivunje au uitazame ilipovunjika: feldispa ina nyuso bapa zinazong'aa zikikutana karibu na pembe mraba, kwatzi huvunjika kwa mikunjo kama chupa.

Wa pili ni feldispa ya potasiamu, yenye densiti ya takriban 2.56. Ukipata chini ya 2.62, fomula yetu haikuhusu. Potasiamu ina pikomita 151, zaidi ya robo kuliko sodiamu, kwa hiyo zinakubali kuchanganyika wakati wa joto kali tu. Mwamba ukipoa polepole, zinatengana ndani ya fuwele ileile na kuacha michirizi ya albiti ndani ya feldispa ya potasiamu. Feldispa ya namna hiyo huitwa pethiti. Michirizi hiyo hujipinda na haina unene sawa, na mara nyingi huonekana kwa lensi au hata kwa jicho.

Wa tatu ni kuichanganya michirizi hiyo na mistari ya plajioklezi. Mistari ya plajioklezi ni minyoofu, sambamba, myembamba, na inaonekana kwenye uso mmoja wa mpasuko tu ukiugeuza jiwe kwenye mwanga. Ukiiona, umethibitisha kwamba uko kwenye mfululizo wa sodiamu na kalsiamu. Usipoiona, hujathibitisha chochote.

## Hatua ya 6: Ganeti, ambako namba moja haitoshi

Fomula ya ganeti ina nafasi mbili zinazobadilika: X3Y2(SiO4)3. Kwenye X hukaa magnesiamu, chuma cha +2, manganisi au kalsiamu. Kwenye Y hukaa alumini, chuma cha +3 au kromiamu. Ncha ni nyingi, na jiwe moja linaweza kuwa na tatu au nne kwa pamoja. Hizi ndizo tano utakazokutana nazo zaidi, densiti kwanza, kisha kipimo cha mpindo wa nuru:

- Piropi (magnesiamu na alumini): 3.58 na 1.714
- Almandini (chuma na alumini): 4.32 na 1.830
- Spesatini (manganisi na alumini): 4.19 na 1.800
- Grosula (kalsiamu na alumini): 3.59 na 1.734
- Andraditi (kalsiamu na chuma cha +3): 3.86 na 1.887

Tazama piropi na grosula: densiti zao karibu hazitofautiani. Mizani peke yake haiwezi kukuambia uko kwenye mfululizo upi. Ndiyo maana unahitaji rifraktomita.

Tuchukue mawe mawili ambayo rifraktomita inayasoma yote 1.758.

La kwanza lina A = 4.25 na B = 1.10. Densiti ni 3.86. Jaribu piropi na almandini: 3.86 imepanda 0.28 juu ya piropi, katika safari ya 0.74, yaani almandini asilimia 37 hivi. Kama dhana hii ni kweli, mpindo wa nuru unapaswa kuwa 1.714 na kuongeza 0.37 ya 0.116, yaani 1.757. Tumesoma 1.758. Namba mbili zilizopimwa kwa njia zisizohusiana zimekubaliana.

La pili lina densiti 3.63. Kwa mpindo wa 1.758, piropi na almandini zingedai 3.86, kwa hiyo hazifai. Jaribu grosula na andraditi: mpindo umepanda 0.024 katika safari ya 0.153, yaani andraditi asilimia 16. Densiti inayotarajiwa ni 3.59 na kuongeza 0.16 ya 0.27, yaani 3.63. Hiyo hapo. Ni ganeti ya kalsiamu, mawe mawili yenye mpindo mmoja lakini hayana undugu wa karibu.

Sasa kikomo, nami nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu hujiamini kupita kiasi. Rudi kwenye jiwe la kwanza na ujaribu piropi na spesatini: densiti 3.86 inatoa spesatini asilimia 46 hivi, na mpindo unaotarajiwa ni 1.753. Tofauti na tulichosoma ni 0.005 tu. Jiwe lile ni dogo, B yake ni 1.10, kwa hiyo kosa la mizani linaweza kusogeza jibu kwa asilimia 5. Kwa vipimo hivi viwili unaweza kusema "inakubaliana na piropi na almandini", lakini huwezi kusema manganisi haimo. Hapo ndipo rangi inapopewa nafasi ya kusema, baada ya namba.

Sumaku nayo inasaidia kutenga. Weka jiwe juu ya kipande cha plastiki kinachoelea majini, lisogezee sumaku taratibu. Almandini na spesatini zitafuata sumaku waziwazi, grosula yenye chuma kidogo haitajali.

Rifraktomita za kawaida hukoma karibu na 1.80 kwa sababu ya kimiminiko cha kugusisha. Ukiona kivuli hakikatiki popote, jiwe lina zaidi ya hapo: fikiria almandini nyingi au andraditi, kisha densiti itaamua.

## Hatua ya 7: Sasa soma rangi

Rangi inasema jambo moja: ni ioni gani inayonyonya nuru, na imekaa katika nafasi ya namna gani. Haisemi ni nyingi kiasi gani.

Magnesiamu, kalsiamu, sodiamu, alumini na silikoni hazina rangi. Forsteriti safi haina rangi, piropi safi haina rangi, na grosula safi vilevile. Kijani cha peridoti kinatoka kwenye chuma cha +2, ambacho ni sehemu ya fomula yenyewe. Wekundu wa zambarau wa almandini unatoka kwenye chuma kilekile cha +2. Tofauti ni makazi: katika olivini kimezungukwa na oksijeni sita, katika ganeti na oksijeni nane. Umbo la nafasi linabadilisha sehemu ya nuru inayonyonywa, na ioni moja inatoa rangi mbili zisizofanana hata kidogo. Manganisi katika nafasi hiyohiyo ya ganeti inatoa rangi ya chungwa. Jiwe letu la kwanza likiwa jekundu la waridi au zambarau, tunaegemea almandini. Likiwa la chungwa, lipeleke maabara kabla ya kuandika.

Kijani cha ganeti ni mtego mwingine. Tsavoraiti ni grosula ambayo imepata kijani kutokana na vanadiamu au kromiamu kidogo tu, kiasi ambacho mizani haiwezi kukihisi. Grosula mbili, moja ya kijani kikali na nyingine isiyo na rangi, zinaweza kuwa na densiti ileile. Hapo rangi imetoka kwa mgeni, si kwa wenye nyumba.

Katika feldispa, rangi karibu haihusiani kabisa na mfululizo wa sodiamu na kalsiamu, kwa kuwa zote mbili hazina rangi. Wekundu hafifu kwa kawaida ni punje ndogo mno za hematiti. Kijani cha samawati cha amazoniti kinahusishwa na risasi ndani ya feldispa ya potasiamu. Mwanga wa bluu unaocheza kwenye labradoriti si rangi ya ioni yoyote: ni nuru inayoakisiwa na tabaka nyembamba sana zilizojitenga ndani ya fuwele ilipopoa. Mwanga huo hutokea mchanganyiko ukiwa karibu na katikati ya mfululizo, kwa hiyo jiwe letu la asilimia 55 likionyesha bluu, vipimo na macho vinakubaliana.

Na unene una neno lake. Peridoti ya Fo90 yenye unene wa sentimita 2 itaonekana nyeusi kuliko ya Fo85 iliyokatwa nyembamba. Linganisha rangi za vipande vyenye unene sawa tu. Kahawia ya olivini pia usiihesabu kuwa chuma kingi: mara nyingi ni chuma kilichopata oksijeni na kugeuka +3 baada ya fuwele kukua.

## Hatua ya 8: Ukipata majibu ya maabara, usigawanye gramu

Maabara hutoa asilimia za oksidi kwa uzito. Kosa linalorudiwa ni kugawanya uzito moja kwa moja. Tutumie olivini ya San Carlos, Arizona, ambayo maabara nyingi huitumia kusahihisha vyombo vyao: SiO2 40.81, FeO 9.55, MgO 49.42.

Ukigawanya uzito, 49.42 kwa jumla ya 49.42 na 9.55, utapata 84. Hiyo si Fo84. Tunachohesabu ni atomi, kwa hiyo kila oksidi igawanywe kwanza kwa uzito wa molekuli yake:

```
MgO   49.42 / 40.30 = 1.226
FeO    9.55 / 71.84 = 0.133
SiO2  40.81 / 60.08 = 0.679

Fo = 1.226 / (1.226 + 0.133) = 0.902
```

Jibu ni Fo90. Kisha hakiki: fomula inadai nafasi mbili za chuma na magnesiamu kwa kila silikoni moja. 1.359 kwa 0.679 ni 2.00. Ukipata 1.8 au 2.2, uchambuzi uligusa madini mengine au jiwe limeoza, na Fo yako haina thamani hata kama inaonekana nzuri.

Kwa ganeti uwiano unaohakikiwa ni 3 kwa 2 kwa 3. Angalia jambo moja la ziada: vyombo vingi vya maabara huandika chuma chote kama FeO, hata kile cha +3. Alumini ikipungua chini ya 2 bila kromiamu ya kuziba pengo, sehemu ya chuma ni ya nafasi ya Y, na ukiihesabu kwenye X utabuni almandini ambayo haipo.

## Hatua ya 9: Andika lebo

Andika namba, kosa lake, na njia uliyotumia, kwa mpangilio huo. Kwa mawe ya mwongozo huu lebo zingekuwa hivi:

- Olivini, Fo90 ± 2, kwa densiti, g 6.71, maji 20 °C.
- Plajioklezi, anothiti 55 ± 5, kwa densiti, g 9.86, maji 30 °C, mistari sambamba imeonekana.
- Ganeti, piropi na almandini, almandini 37 ± 5, kwa densiti na mpindo 1.758, manganisi haijapimwa.

Rangi iandike mwisho, pamoja na unene wa kipande ulichokitazama.